Mwongozo Kamili: Kujibu Maswali ya Mtandao wa Chakula Kiumbe Mmoja Anapotoweka

Katika maswali ya minyororo na mitandao ya chakula, kutaja mzalishaji hakuwasumbui wanafunzi wengi. Linalowaangusha ni lile linaloanza hivi: "Nini kitatokea iwapo nyoka wote watakufa?" Katika madaftari ninayosahihisha, jibu hurudi lilelile mwaka hadi mwaka: "Mazingira yataharibika na wanyama wengine watakufa." Jibu hilo halipati alama kwa sababu halitaji mnyama yupi ataathirika, idadi yake itaelekea wapi, wala sababu yake. Mwongozo huu unafuata mtandao mmoja tu tangu mwanzo hadi mwisho, ili njia ya kulifikia jibu ionekane hatua kwa hatua.

## Unachohitaji

- Karatasi tupu, kwa kuwa mtandao uliochorwa kwenye swali hubanana na hauachi nafasi ya kuandika alama zako.
- Penseli na kifutio.
- Kalamu za rangi mbili, moja ya kuonyesha idadi inayoongezeka na nyingine inayopungua.
- Swali lenyewe, likiwa limesomwa mara mbili. Mara ya pili pigia mstari jina la kiumbe anayetoweka na jina la kiumbe unayeulizwa habari zake, kwa maana mara nyingi hao ni viumbe wawili tofauti.

Mtandao tutakaoutumia ni huu:

```
nyasi   → panzi
nyasi   → panya
nyasi   → sungura
panzi   → chura
chura   → nyoka
panya   → nyoka
panya   → mwewe
sungura → mwewe
nyoka   → mwewe
```

Uchore upya kwenye karatasi yako, nyasi zikiwa chini kabisa na mwewe juu kabisa. Usiendelee kusoma kabla ya kuuchora, kwa sababu hatua zote zinazofuata zinafanyika juu ya mchoro huo.

## Hatua ya 1: Soma mshale kwa maneno "analiwa na"

Mshale unaonyesha nishati inakoelekea, yaani kutoka kwa anayeliwa kwenda kwa anayekula. Wengi huuchora kinyume kwa sababu katika fikra zao mnyama ndiye anayekiendea chakula, basi mshale nao wanautoa kwa mnyama. Njia salama ni kuusoma kila mshale kwa sauti ukiweka maneno "analiwa na" mahali pa mshale: panya analiwa na nyoka, chura analiwa na nyoka, nyasi zinaliwa na panzi.

Utajua kwamba hatua hii imefanikiwa iwapo hakuna mshale hata mmoja unaoingia kwenye nyasi. Ukiona mshale unaoingia kwenye mmea, umegeuza mahali fulani. Rudi ukasahihishe kabla ya jambo lingine lolote, kwa kuwa mshale mmoja uliogeuka huharibu majibu yote yanayofuata.

## Hatua ya 2: Wape viumbe vyeo vyao

Mzalishaji ni kiumbe anayejitengenezea chakula, kwa kawaida kwa usanisinuru, na katika mchoro wetu ni nyasi peke yake. Jua halihesabiwi kuwa mzalishaji ingawa ndilo chanzo cha nishati, kwa sababu jua si kiumbe hai. Uyoga na kuvu wengine nao si wazalishaji hata kama wameota ardhini kama mimea. Hao ni waozeshaji, wanaopata chakula chao kwa kuozesha mabaki ya viumbe waliokufa.

Baada ya mzalishaji huja walaji, na hapa kuna mtego wa kuhesabu. Katika mnyororo wa nyasi, panzi na chura, chura yupo nafasi ya tatu lakini ni mlaji wa pili, kwa kuwa hesabu ya walaji huanza kwa panzi na nyasi haimo ndani yake. Anayeanza kuhesabu kwenye nyasi humwita chura mlaji wa tatu, na kosa hilo hufuatana naye hadi mwisho wa mnyororo.

Mtego wa pili ni kudhani kwamba kila mnyama ana cheo kimoja. Tazama nyoka: akila panya, ambaye ni mlaji wa kwanza, yeye anakuwa mlaji wa pili, akila chura, ambaye ni mlaji wa pili, anakuwa mlaji wa tatu. Mwewe ana vyeo vitatu. Kwa sungura au panya ni mlaji wa pili, kwa nyoka aliyekula panya ni mlaji wa tatu, na kwa nyoka aliyekula chura ni mlaji wa nne. Swali likisema "taja mnyama mmoja aliye mlaji wa pili na pia mlaji wa tatu", nyoka ni jibu sahihi, na mwewe pia ni sahihi, alimradi uonyeshe minyororo inayothibitisha.

## Hatua ya 3: Itoe minyororo kwenye mtandao

Anzia kwenye nyasi na ufuate mishale hadi kwa mnyama asiyeliwa na yeyote, kisha urudi uanze tena kwa njia nyingine. Mtandao wetu unatoa minyororo minne:

```
nyasi → panzi → chura → nyoka → mwewe
nyasi → panya → nyoka → mwewe
nyasi → panya → mwewe
nyasi → sungura → mwewe
```

Kazi hii inaonekana ya kuchosha, lakini ndiyo inayokuonyesha njia zote ambazo badiliko linaweza kupitia. Hakiki kwa kuhesabu: kila mshale kati ya ile tisa lazima uonekane katika mnyororo mmoja angalau. Ukibakiwa na mshale ambao haujatumika, kuna mnyororo umeuacha.

## Hatua ya 4: Mfute anayetoweka, kisha uulize mambo mawili

Sasa tuseme swali ni hili: "Ugonjwa umeua nyoka wote. Eleza athari zake kwa vyura, panzi, panya, mwewe na sungura."

Mkate nyoka kwa mstari pamoja na mishale yake yote mitatu. Kisha uliza, alikuwa akila nini? Jibu ni vyura na panya. Uliza tena, alikuwa akiliwa na nani? Jibu ni mwewe. Hao watatu ndio wanaoguswa moja kwa moja, na kila athari nyingine lazima ipitie kwa mmoja wao. Mwanafunzi anayeruka kutoka kwa nyoka hadi kwa nyasi bila kumtaja mnyama wa katikati huwa amekisia, hata pale anapopatia.

Kabla ya kuweka alama yoyote, andika pembeni ya kila mmoja wa hao watatu kama ana mbadala. Mwewe bado ana panya na sungura wa kula. Panya bado ana adui, kwa kuwa mwewe yupo. Chura hana adui mwingine katika mtandao huu. Maelezo haya mafupi ndiyo yatakayotofautisha anayebadilika sana na anayebadilika kidogo.

## Hatua ya 5: Safiri kwenye mishale kwa kanuni ya alama

Kanuni ni mbili tu. Ukiufuata mshale kwenda mbele, kutoka kwa chakula hadi kwa mlaji, alama haibadiliki: chakula kikipungua, mlaji hupungua, kikiongezeka, mlaji huongezeka. Ukiufuata kurudi nyuma, kutoka kwa mlaji hadi kwa chakula chake, alama inageuka: mlaji akipungua, chakula chake huongezeka, naye akiongezeka, chakula chake hupungua.

Anza na njia ya vyura. Nyoka amepungua hadi kutoweka, hivyo tunampa alama ya kutoa. Kutoka kwa nyoka kwenda kwa chura tunarudi nyuma, basi alama inageuka na vyura wanaongezeka. Kutoka kwa chura kwenda kwa panzi tunarudi nyuma tena, alama inageuka, na panzi wanapungua. Kutoka kwa panzi kwenda kwenye nyasi tunarudi nyuma mara ya tatu, na nyasi zinaongezeka.

```
nyoka (−)  chura (+)  panzi (−)  nyasi (+)
```

Alama zinazopishana namna hii ni dalili kwamba umeshuka mnyororo vizuri. Ukijikuta umeandika kutoa kwa kila kiumbe kuanzia juu hadi chini, umesahau kugeuza alama, na hapo ndipo linapozaliwa lile jibu la "wote watakufa".

Njia ya mwewe inakwenda mbele: nyoka wametoweka, mwewe wamepoteza sehemu ya chakula chao, basi idadi yao inaweza kupungua. Ninasema "inaweza" kwa makusudi, kwa sababu katika hatua ya 4 tuliandika kwamba wana panya na sungura. Wakiwapata hao kwa wingi, mwewe hawatapungua sana, na jibu lenye kutaja mbadala huo lina uzito kuliko linalosema watakufa wote.

## Hatua ya 6: Njia mbili zikipingana, ziandike zote mbili

Hapa ndipo swali linapokuwa gumu, na ndipo ninapopenda kukaa muda mrefu zaidi na wanafunzi. Tazama panya. Kwa njia moja, nyoka hawapo tena kuwala, kwa hiyo panya wanaongezeka. Kwa njia nyingine, mwewe waliokosa nyoka wanageukia panya zaidi, kwa hiyo panya wanapungua. Njia zote mbili ni sahihi. Mchoro hauwezi kukuambia ipi itashinda, kwa sababu mishale inaonyesha nani anamla nani bila kusema anamla kiasi gani.

Swali la namna hii likiwa na alama mbili au tatu, kwa kawaida msahihishaji anatafuta hoja iliyokamilika kuliko neno moja la mwisho. Andika njia moja kikamilifu, na nafasi ikiruhusu uongeze ya pili. Usiziandike zote mbili kana kwamba zinatokea kwa pamoja na kufutana, ukahitimisha kwamba "hakuna kitakachobadilika". Hitimisho hilo lingehitaji nguvu za njia hizo mbili ziwe sawa kabisa, na hakuna kitu kwenye mchoro kinachosema hivyo.

Sungura anatufundisha jambo jingine, nalo ni muda. Nyoka hamli sungura na sungura hamli nyoka, lakini wote wawili wanaliwa na mwewe. Mwanzoni idadi ya mwewe ni ileile na matumbo yao yanataka kujazwa, hivyo wanawala sungura wengi zaidi na sungura wanapungua. Baadaye, ikiwa chakula hakiwatoshi, mwewe wanazaa makinda machache na wao wenyewe wanapungua. Ndipo sungura wanaweza kuanza kuongezeka tena. Wanafunzi wawili wanaweza kuandika majibu yaliyo kinyume na wote wakawa wameona kweli, mmoja akizungumzia wiki za mwanzo na mwenzake akizungumzia majira kadhaa baadaye. Kwa hiyo tumia maneno kama "mwanzoni" na "baada ya muda". Ni maneno madogo lakini yanaokoa alama.

## Hatua ya 7: Andika jibu lenye sehemu tatu

Kila athari unayoitaja iwe na badiliko, sababu na kiungo cha katikati. Badiliko ni kuongezeka au kupungua kwa idadi. Sababu ni kuliwa zaidi, kuliwa kidogo, kupata chakula zaidi au kukosa chakula. Kiungo ni yule mnyama ambaye badiliko limepita kwake.

Linganisha majibu mawili kuhusu panzi. La kwanza: "Panzi wataathirika kwa sababu nyoka hawapo." La pili: "Idadi ya panzi itapungua, kwa sababu vyura hawataliwa tena na nyoka, hivyo vyura wataongezeka na kula panzi wengi zaidi." La kwanza limetumia neno "wataathirika", ambalo halisemi kama panzi wanazidi au wanapungua, tena limemruka chura. La pili limefunga sehemu zote tatu katika sentensi moja.

Neno "wataathirika" naliona kuwa adui mkubwa kuliko hata mshale uliogeuka, kwa sababu linampa mwandishi hisia ya kuwa amejibu. Pitia jibu lako ukilitafuta, na kila unapolikuta weka "wataongezeka" au "watapungua".

Usiandike pia kwamba idadi itaongezeka bila kikomo. Vyura wetu wataongezeka hadi panzi waanze kuwa haba, kisha njaa itawapunguza. Swali likiuliza habari za muda mrefu, hilo ndilo linalotakiwa.

## Tahadhari: mambo ambayo mchoro hauonyeshi

Mtandao wa chakula unaonyesha ulaji pekee, lakini viumbe hugombea pia nafasi, maji, mwanga na mahali pa kuzalia. Mfano unaojulikana sana ni wa mwanaikolojia Robert Paine, ambaye mwaka 1963 alianza kuwaondoa viti vya pweza, wanyama wa baharini wenye umbo la nyota, kwenye kipande cha miamba ya pwani katika jimbo la Washington, Marekani, huku akiacha kipande cha jirani bila kukigusa.

Chakula kikuu cha viti hivyo vya pweza kilikuwa kome. Kwa kanuni yetu ya alama, adui akiondoka kome wataongezeka, na kweli waliongezeka. Lakini kome hujibandika kwenye mwamba, na walipotambaa wakaujaza, viumbe wengine waliokuwa wakiishi hapohapo walikosa mahali pa kushika. Katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1966, Paine alieleza kwamba spishi 15 za mahali hapo zilikuwa zimepungua hadi 8. Kuondoka kwa mlaji mmoja kuliwafukuza hata viumbe ambao hakuwa akiwala, miongoni mwao mwani, na mishale peke yake isingeweza kulitabiri jambo hilo.

Kwa hiyo swali likikupa maelezo ya ziada, kwa mfano kwamba wanyama wawili hutumia mashimo yaleyale au mimea miwili hugombea mwanga, yachukue maelezo hayo kama mshale usiochorwa. Pasipo maelezo hayo, baki kwenye mishale uliyopewa. Usimwingize kwenye jibu mnyama asiyekuwamo kwenye mchoro kwa hoja kwamba unajua nyoka hula pia mayai ya ndege, kwa kuwa msahihishaji anasahihisha mtandao ulio mbele yake.

## Jipime: panzi wote wametoweka

Tumia mchoro uleule, ukimrudisha nyoka na kumkata panzi. Andika athari kwa vyura, nyoka na panya kabla ya kuendelea kusoma.

Vyura watakufa kwa njaa au kuhama, kwa kuwa katika mtandao huu panzi ndiye chakula chao pekee. Hapa neno "watatoweka" linakubalika, kwa sababu ulihakiki na ukaona kwamba hawana mbadala.

Nyoka watapungua kwa kuwa wamepoteza vyura, ingawa hawataisha kwa vile bado wana panya.

Kwa panya, njia zinapingana tena. Nyoka waliobaki watategemea panya peke yao, hivyo mwanzoni panya wataliwa zaidi na kupungua. Lakini nyasi zilizokuwa zikiliwa na panzi sasa zipo, hivyo panya watakuwa na chakula kingi na wanaweza kuongezeka. Ukiwa umeandika mojawapo ya njia hizo ukimtaja nyoka au nyasi kama kiungo, jibu lako limekamilika. Ukiwa umeandika "panya hawataathirika kwa sababu hawali panzi", rudi hatua ya 4 na uanze na kidole kwenye mshale unaotoka kwenye nyasi.